Tuzo ya Namalizia: namna ya kuandika na kusoma risala ya utani kwa mwenzenu anayechelewesha kazi kuliko wote

Desemba ikikaribia, ofisi nyingi hapa Dodoma huanza kuchangishana kwa ajili ya sherehe ya kufunga mwaka. Mbuzi anatafutwa, bustani inakodiwa Area D au Kisasa, na mtu mmoja anapewa kazi ya kuandaa tuzo za kuchekesha. Inayosubiriwa kuliko zote ni ya aliyevuka tarehe nyingi za mwisho, kwa sababu kila aliyekaa pale amewahi kusubiri kitu kutoka kwake. Nimeandika na kusoma risala ya tuzo hiyo kwa miaka kadhaa sasa. Hapa naeleza hiyo moja tu, kuanzia kumchagua mtu mpaka kumkabidhi maikrofoni ajibu.

Mwaka wangu wa kwanza niliharibu. Dada mmoja wa uhasibu alikuwa amechelewesha hesabu za mwezi Mei kwa wiki tatu, nami nikalifanya hilo kuwa kichekesho kikuu. Watu wawili walicheka, wengine wakainamia sahani zao. Yeye alitabasamu, akainuka kama anayekwenda kunawa mikono, hakurudi. Ni dereva wetu aliyeniambia usiku ule, tukiwa njiani kurudi Nkuhungu, kwamba wiki tatu zile dada yule alikuwa analala kwenye benchi la wodi akimuuguza mama yake. Sikuwa nimeuliza. Karibu kila hatua ninayoieleza hapa chini ilitokana na jioni ile.

Jambo nililokuja kulielewa ni hili: risala ya namna hii ni utani, na utani una pande mbili. Wazee wa Ugogo wanaujua utani wao na Wanyamwezi, wa tangu zama za misafara iliyokuwa ikikatisha hapa kwenda pwani. Mtani anaruhusiwa kukusema mbele za watu, hata msibani, kwa sababu na wewe unaruhusiwa kumrudishia, na wote mnajua hivyo kabla hajafungua mdomo. Ukimsema mtu asiyeweza kukurudishia, hapo hakuna utani tena, unamsuta tu mbele ya hadhara huku wengine wanakula. Kwa hiyo katika kila hatua jiulize swali moja: huyu mtu anaweza kunijibu?

Kwanza, mtu mwenyewe

Usianze na orodha ya waliochelewa. Anza na orodha ya wasioguswa. Aliye kwenye kipindi cha majaribio anatoka, kwa kuwa kwake kila neno kuhusu kuchelewa ni neno kuhusu mkate. Aliyeandikiwa barua ya kujieleza mwaka huo anatoka pia, hata kama suala limekwisha na hata kama mwenyewe analitania. Mhudumu, mlinzi na mwanafunzi aliye mafunzoni wanatoka, maana utani unapendeza ukienda kwa aliye sawa na wewe au aliye juu yako. Na kama kuna mtu ambaye wewe binafsi bado umemkasirikia kwa kuchelewesha kazi yako, mpe mwenzako aandike. Hasira inajionyesha kwenye sentensi hata ukiifunika vipi, na wasikilizaji huisikia kabla yako.

Anayebaki mara nyingi ni mtu mmoja au wawili: mzoefu, anayependwa, ambaye kuchelewa kwake tayari ni hadithi ya ofisi na yeye ndiye huisimulia vizuri kuliko wote. Huyo ndiye wako.

Kwa mfano wa kufuatilia, nachukua risala niliyoandika miaka miwili iliyopita. Ofisi yetu ilikuwa na watu kumi na wawili, na mshindi alikuwa kaka wa kitengo cha takwimu. Neno lake la kila siku lilikuwa "namalizia", na tuzo ikachukua jina hilo.

Pili, hesabu

Kichekesho cha kuchelewa kinasimama juu ya tarehe. Ukisema "huyu anachelewa sana" umesema kitu ambacho kinaweza kusemwa juu ya mtu yeyote wa ofisi yoyote. Ukisema "tarehe 10 Oktoba, saa 10:40 jioni, aliandika neno moja: Namalizia", kila mtu anamwona yule yule, akiwa kwenye kiti kile kile, na shati lake la mistari.

Chukua jedwali la kazi la mwaka, mihtasari ya vikao vya Jumatatu na grupu la WhatsApp la ofisi. Kwenye grupu, tafuta kwa maneno: "namalizia", "nipe nusu saa", "jioni natuma", "imebaki kidogo". Nakili ujumbe kama ulivyoandikwa pamoja na saa yake. Usinakili mazungumzo yenu ya faragha. Kilichoandikwa kwenye grupu kila mtu amekwisha kukiona, lakini alichokuandikia wewe peke yako usiku wa manane si mali ya sherehe.

Kaka wa takwimu alikuwa na tarehe 14 za mwisho mwaka ule, na alivuka 9. Nilizipanga zote tisa kwenye karatasi, na mbele ya kila moja nikaandika jibu la swali lile lile: nani aliumia? Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo nashauri utumie jioni nzima.

Mbili zilikuwa madai ya safari. Alichelewa kuyasaini, na madereva wakapata posho zao wiki mbili baadaye. Zikafutwa zote mbili, kwa sababu madereva wangekuwa wamekaa pale pale wakisikiliza, na kwao halikuwa jambo la kuchekesha hata siku moja. Ya Agosti ilitokana na mtoto wake kulazwa. Ikafutwa. Nyingine ilichelewa kwa kuwa takwimu kutoka wilayani zilifika zimechelewa, kwa hiyo kosa halikuwa lake, na kumsema kwa kosa lisilo lake kungempa haki ya kukasirika. Mbili hazikuwa na hadithi yoyote ndani yake, zilichelewa siku moja moja tu. Zikabaki tatu:

Ripoti ya robo ya kwanza, Julai hadi Septemba, iliyotakiwa tarehe 10 Oktoba ikafika tarehe 27. Fomu ya likizo yake mwenyewe, aliyoijaza siku tatu baada ya likizo kuanza. Na kuthibitisha kuhudhuria sherehe yenyewe, jambo ambalo hakulifanya kabisa.

Tatu zinatosha. Ya kwanza ina urefu wa kusimulika, ya pili aliyeumia ni yeye mwenyewe, na ya tatu inatokea mbele ya macho ya watu jioni ile ile. Ukipata moja inayotokea ukumbini, iweke mwisho, kwa sababu watu watageuka kumtazama, na kicheko cha watu waliogeuka ni kikubwa kuliko cha watu waliokaa wameelekea mbele.

Kuna mambo hayaguswi hata kama yana tarehe: ugonjwa, msiba, ujauzito na kunyonyesha, ndoa, madeni, dini, pombe, na kabila. Hilo la kabila linawapa watu shida hapa kwetu kwa kuwa utani wa makabila umezoeleka. Mtani wako wa kweli anaweza kukutania hivyo mkiwa wawili. Lakini kwenye karatasi inayosomwa kwa jina la ofisi, mambo yanabadilika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya kabila au mahali mtu alikotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, umri na mingine, na inahesabu unyanyasaji kwa misingi hiyo kuwa ni ubaguzi. Kuchelewa kwa ripoti hakumo. Baki kwenye ripoti.

Tatu, mwambie

Watu wengi hawapendi hatua hii kwa kuogopa kuharibu mshangao. Haiharibu chochote. Anachokijua ni kwamba atatajwa, hajui utasema nini. Mwendee ana kwa ana, siku nne au tano kabla, si kwa ujumbe wa simu. Mimi nilimkuta kantini anakunywa chai.

"Kaka, kamati imekupa Tuzo ya Namalizia."

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mdogo wangu, mbona mmechelewa kunipa?"

"Kuna jambo hutaki liguswe?"

Akanyamaza kidogo. "Ile ya Agosti iache."

"Nilishaitoa."

"Basi soma unavyotaka. Ila na mimi nipewe maiki."

Angalia ule ukimya. Mtu akisema "hakuna shida" haraka haraka huku anatazama pembeni, hajakubali, amekuheshimu tu. Mwulize tena kesho yake, na kama bado hana sauti ya mtu anayecheka, mpe tuzo mtu mwingine au iondoe kwenye ratiba. Akitaja jambo la kuacha, liache lote. Usilizungukie kwa fumbo, kwa maana yeye atalisikia fumbo hata kama wengine hawakulisikia. Na akidai nafasi ya kujibu, umepata mshindi mzuri.

Umwambie na mkuu wa kitengo, kwa dakika mbili, ili asije akashangaa akiwa meza kuu. Lakini usimpe yeye aisome. Kuchelewa kazi kukitajwa na bosi kunasikika kama onyo, hata akisema kwa kicheko, na kesho yake mtu ataanza kujiuliza kama lilikuwa onyo kweli. Msomaji awe wa ngazi moja na mshindi, au chini yake.

Nne, kuandika

Kwenye mji wa ofisi kama huu, lugha ya kutumia iko tayari mikononi mwenu: lugha ya dokezo. Sote tunaiandika mchana kutwa. "Naomba urejee somo tajwa hapo juu." "Kamati ilijiridhisha pasipo shaka." "Imebainika kwamba." "Utekelezaji unaendelea na upo katika hatua za mwisho." Lugha hii ilitengenezwa kubeba mambo mazito. Ukiipakia jambo dogo, kama fomu ya likizo au sahani ya pilau, uzito wa maneno na wepesi wa jambo ndivyo vinavyochekesha. Huhitaji kumdhihaki mtu wala kutafuta neno kali.

Ila lazima uiandike sawasawa. Mtu akisikia dokezo lililokosewa anaona mzaha wa ovyo. Akisikia dokezo lililonyooka, lenye aya zenye namba na maneno yaliyokaa mahali pake, anaanza kucheka kabla hujafika kwenye kichekesho. Kwa hiyo soma madokezo mawili matatu ya kweli kabla ya kuandika, na uchukue mwendo wake. Usichukue karatasi ya ofisi yenye nembo wala kupiga mhuri, maana picha yake ikizunguka kwenye simu bila sauti ya kicheko, mtu wa nje ataiona ni barua halali.

Kanuni ninayoishika ni kwamba chumvi iwe kwenye maneno, isiwe kwenye matukio. Alichelewa siku 17, andika 17. Usiandike miezi mitatu. Ukiongeza namba, mshindi anapata pa kujitetea, "si kweli bwana," na ukumbi unakuwa upande wake kwa sababu ana haki. Namba ikiwa ya kweli, hana la kusema isipokuwa kucheka.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na sentensi hii: "Huyu bwana anachelewa kiasi kwamba hata siku ya kufa atachelewa." Niliifuta. Imezoeleka, inamfaa mtu yeyote, na kumtaja mtu na kifo kwenye sherehe si jambo jema. Mahali pake nikaweka kitu cha hapa hapa: zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kila mtu ukumbini anajua hilo, wengine wana mashamba yao Hombolo na Mpunguzi. Nikahesabu ni mara ngapi tulimkumbusha kuhusu ripoti ile kwenye grupu, nikapata 11, na sentensi ikajiandika yenyewe.

Mahali pa mwisho pa risala weka jambo moja la kweli ambalo mtu huyu analifanya vizuri kuliko wote, na liwe na uhusiano na kuchelewa kwake. "Lakini ni mtu mwema" haisaidii, maana kila mtu ni mtu mwema siku ya sherehe. Kwa kaka wa takwimu ilikuwa rahisi: hakuna ripoti yake hata moja iliyorudishwa kwa kosa la hesabu. Anachelewa kwa sababu anajumlisha upya kila safu kwa mkono. Nilipolisema hilo, niliona watu wa kitengo chake wakiitikia kwa vichwa.

Hii ndiyo risala yenyewe kama ilivyosomwa, ila jina lake nimeliondoa:

> Yah: Kutunukiwa Tuzo ya Namalizia
>
> 1. Mheshimiwa mgeni rasmi, wafanyakazi wenzangu, naomba mrejee somo tajwa hapo juu.
>
> 2. Itakumbukwa kuwa uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na Serikali ikaanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016. Ni miaka 43. Tulidhani tumekwisha kujifunza subira. Kisha ikaja ripoti ya robo ya kwanza.
>
> 3. Ripoti hiyo ilitakiwa tarehe 10 Oktoba. Siku hiyo, saa 10:40 jioni, kamati ilipokea taarifa ya utekelezaji yenye neno moja: "Namalizia." Tarehe 13 ilipokelewa taarifa ya nyongeza: "Namalizia namalizia." Kamati ilitafsiri kuwa kasi imeongezeka maradufu.
>
> 4. Tarehe 24 mhusika alipanda treni ya mwendokasi kwenda Dar es Salaam, akaahidi: "Nikifika Morogoro natuma." Treni ilifika Kilosa. Ilifika Morogoro. Ilifika Dar es Salaam. Kesho yake ilimrudisha Dodoma. Ripoti haikuonekana katika kituo chochote.
>
> 5. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka bila kukumbushwa na mtu. Mwenzetu alikumbushwa mara 11 kwa ripoti moja.
>
> 6. Tarehe 27 barua pepe ilifika. Kiambatisho hakikufika. Kilifuata baada ya saa mbili, kikiwa na jina lifuatalo: Ripoti_Robo1_FINAL_mwisho_kabisa_2. Kamati bado inatafuta mwisho kabisa namba moja.
>
> 7. Imebainika pia kuwa mhusika aliomba likizo ya kuanzia tarehe 1 Novemba kwa fomu aliyoijaza tarehe 4 Novemba. Huyu ni mtumishi wa kwanza katika ofisi hii kuchelewa kwenda kupumzika.
>
> 8. Tarehe ya mwisho ya kuthibitisha kuhudhuria sherehe hii ilikuwa Jumatano. Hadi ninaposoma dokezo hili, uthibitisho wake haujapokelewa. Hata hivyo, kamati imemwona na sahani ya pili.
>
> 9. Pamoja na hayo, kamati imepitia ripoti zake zote na kujiridhisha pasipo shaka kwamba hakuna hata moja iliyowahi kurudishwa kwa kosa la hesabu. Tunaisubiri kwa sababu tunajua ikifika imefika.
>
> 10. Kwa dokezo hili, kaka yetu, unaombwa kuja mbele kupokea tuzo yako. Ikikupendeza, iwe leo.

Tazama namna aya ya nne inavyokwenda. Sentensi ni fupi na kila moja inasimama kituoni kama treni. Ningeziunganisha kwa "kisha" na "halafu", kicheko kingepotea. Aya ya pili iliniumiza kichwa, kwa sababu kulikuwa na mgeni rasmi kutoka nje ya ofisi. Niliiacha kwa kuwa miaka ile ni kumbukumbu ya wazi na hakuna anayesemwa ndani yake isipokuwa kaka yetu. Kama mgeni wenu hamumfahamu, iondoe na uanze moja kwa moja na tarehe 10 Oktoba.

Tano, kusoma

Risala hiyo ina maneno kama mia mbili na sitini. Kwa kasi yangu inachukua dakika tatu kavu, na ukumbini ilichukua karibu tano kwa sababu ya vicheko. Ikizidi hapo, punguza. Mtu anayesemwa anaweza kubaki na uso wa furaha kwa dakika tano, lakini ya nane ni kazi ngumu kwake.

Isome baada ya watu kuanza kula lakini kabla muziki haujafunguliwa na kabla vinywaji havijawa vingi. Watu wenye njaa hawacheki, na waliokwisha kulewa watakujibia badala ya mshindi. Upepo wa jioni hapa Dodoma hauna huruma na karatasi, hasa bustanini, kwa hiyo ibane ndani ya jalada gumu la masjala. Jalada lenyewe likionekana tu mkononi, watu huanza kucheka. Chapa kwa herufi kubwa, ukubwa wa 16, na aya isikatwe katikati ya kurasa mbili.

Uso wako ubaki wa kikao. Ukicheka wewe, umewamalizia wao. Baada ya kila kichekesho, nyamaza na uangalie karatasi mpaka kicheko kishuke nusu, ndipo uendelee. Ukisubiri kiishe kabisa, ukumbi unapoa. Majina kama lile la faili yasome polepole, kipande kwa kipande: Ripoti, Robo moja, faino, mwisho kabisa, mbili. Kule nyumbani nililisoma kwa haraka mara tatu na hakuna aliyelielewa.

Mtazame mshindi kila baada ya aya mbili. Anayefurahia hucheka na kuwageukia majirani, hugonga meza, hujibu kwa sauti "uongo huo!" Anayeumia hubaki na tabasamu lisilosogea, hutazama simu, au hucheka kabla ya wengine na kuacha kabla yao. Ukiona hivyo, ruka. Ndiyo sababu nimeziweka aya kwa namba: kutoka aya yoyote unaweza kwenda moja kwa moja kwenye ya tisa, ukasoma ya kumi, ukamaliza, na hakuna atakayejua ulikata. Weka kidole gumba kwenye aya ya tisa tangu unapoanza kusoma.

Zuia kurekodi. Mshereheshaji aseme mapema kwamba tuzo za ndani hazipigwi picha jongefu. Kicheko cha watu kumi na wawili wanaofahamiana hakisafiri pamoja na klipu, na mtu atakayeiona kwenye simu atakachokiona ni mfanyakazi anasomewa makosa yake kwa kipaza sauti.

Sita, zawadi na majibu

Zawadi iwe ya kushikika na isiyo ghali. Saa ya ukutani imezoeleka mno. Sisi tulimpa kalenda ya mwaka uliokuwa unaisha, tumeizungushia wino mwekundu tarehe 10 Oktoba na tarehe 27, ndani ya fremu tuliyoitengeneza kwa fundi wa Majengo. Pamoja nayo tulimpa kitu cha kweli cha kwenda nacho nyumbani, debe la mafuta ya alizeti, kwa sababu mkewe na watoto walikuwepo na sikutaka warudi na karatasi tu.

Kisha mpe maikrofoni na ukae chini. Usisimame pembeni yake ukisubiri kuongeza neno. Muda ni wake. Kaka wa takwimu alikohoa, akasema hotuba yake ya shukrani ipo katika hatua za mwisho. Ukumbi ukaanguka. Halafu akanigeukia mimi. Akasimulia jinsi ninavyotuma ujumbe wa kukumbusha saa 11 alfajiri, watu wakidhani kuna msiba, na jinsi nilivyowahi kumkumbusha kuhusu ripoti ambayo alikuwa amekwisha kuituma siku mbili kabla. Yalikuwa ya kweli yote. Nilicheka mpaka machozi, na nilipoangalia meza ya madereva, nao walikuwa wanacheka.

Kesho yake nilimpa nakala pekee ya risala, nikafuta rasimu kwenye kompyuta ya ofisi. Makosa ya mtu kazini, hata yaliyoandikwa kwa utani, hayapaswi kubaki kwenye kompyuta ambayo mtu mwingine atairithi. Kwenye vikao vya Januari hatukulitaja tena jina la tuzo mpaka yeye mwenyewe alipolitaja. Kalenda aliitundika nyuma ya kiti chake. Ripoti ya robo ya pili, iliyotakiwa tarehe 10 Januari, aliituma tarehe 12, ikiwa na kiambatisho.